Mstari wa tisa

Robo ya Januari hadi Machi tulikaa kikao cha tathmini ya chanjo, nami ndiye niliyeonyesha jedwali. Vituo 14, kila kimoja na mstari wake, na safu 15 za chanjo: BCG, polio nne, Penta tatu, PCV tatu, Rota mbili, surua-rubela mbili. Ni namba 210 kabla hujahesabu mstari wa jumla. Nilizinakili kutoka Excel zikaingia kwenye slaidi moja, na ili zienee ikabidi herufi zishuke hadi saizi 9. Kwenye kompyuta yangu zilisomeka vizuri. Ukutani, kwa aliyekaa kiti cha nyuma, zilikuwa vumbi jeusi.

Nilisoma namba kwa sauti kwa dakika kama kumi. Mwenyekiti akauliza jumla ya halmashauri ni ngapi. Nikamwambia utoro wa Penta uko chini ya asilimia 10. Akasema vizuri, tuendelee. Tukaendelea.

Kati ya mistari ile 14 kulikuwa na mmoja, wa tisa kutoka juu, uliokuwa umeanza kuharibika. Utoro wake ulikuwa asilimia 12. Hakuna aliyeuona, na kusema kweli hata mimi niliyeandaa jedwali sikuuona. Robo iliyofuata ulifika asilimia 31, na hapo ndipo nilipokaa chini kufikiri upya namna ninavyotengeneza slaidi. Naandika jinsi nilivyofanya, kwa sababu najua wenzangu wengi wa takwimu wanaingia kikaoni na jedwali lile lile. Majina ya vituo nimeyaondoa nikavipa namba, na takwimu zenyewe nimezibadilisha kidogo ili kituo kisitambulike, ila uhusiano wake nimeuacha ulivyo.

Kwa wasiofanya kazi hii: Penta ni chanjo moja inayokinga magonjwa matano, na mtoto huipata mara tatu, akiwa na wiki 6, 10 na 14. Tunachoita utoro ni tofauti kati ya waliopata dozi ya kwanza na waliopata ya tatu, ikigawanywa kwa waliopata ya kwanza. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba dawa ni ile ile. Chanjo ikiisha kwenye jokofu, dozi zote tatu hushuka pamoja. Ya kwanza ikiwa juu na ya tatu ikiwa chini, tatizo kwa kawaida si mzigo kuchelewa. Mama alikuja mara ya kwanza, kisha kuna kitu kilichomzuia kurudi. Utoro ukizidi asilimia 10, kituo kinatakiwa kujieleza.

Kwa hiyo nilikuwa na jedwali la robo ya Aprili hadi Juni, na kazi yangu ilikuwa kuwafanya watu thelathini waone mstari mmoja. Nilidhani kazi hiyo ni ya rangi. Nikafungua Excel, nikaongeza safu ya utoro, nikaiagiza programu yenyewe ipake rangi namba iliyo kubwa kuliko zote. Ikapaka mstari wa nne.

Zahanati ya 4 iko mbali, ina watu wachache. Robo ile watoto 8 walipata Penta 1 na 5 wakapata Penta 3. Hiyo ni asilimia 38, kubwa kuliko zote kwenye jedwali. Lakini ni watoto watatu. Nikarudi robo iliyotangulia: 5 walianza, 7 wakamaliza, yaani utoro wa asilimia 40 chini ya sifuri, jambo lisilo na maana yoyote. Kwenye kituo kidogo namna hii asilimia inaruka kama panzi, kwa sababu watoto waliopata dozi ya tatu mwezi Aprili ni wale walioanza Februari, nao hawamo kwenye hesabu ya walioanza robo hii. Familia mbili zikihama, asilimia inageuka. Ningeupaka mstari ule rangi, kikao kizima kingejadili watoto watatu.

Hapo nikaongeza safu ya pili, ya idadi. C ni Penta 1 na D ni Penta 3:

```
=C2-D2
=IF(C2=0,"",(C2-D2)/C2)
```

Nikapanga jedwali kwa safu ya idadi, kubwa juu. Ukipanga hivyo peke yake nako kuna mtego, maana kituo kikubwa hupanda juu kwa ukubwa wake tu. Kituo cha afya cha 1 kilikuwa na pengo la watoto 51, lakini kilichanja 640, kwa hiyo utoro wake ni asilimia 8, ndani ya kikomo. Niliutafuta mstari uliokuwa mbaya kwa vipimo vyote viwili, asilimia juu ya 10 na pengo la watoto wengi. Ukabaki mmoja tu. Zahanati ya 9: Penta 1 watoto 226, Penta 3 watoto 155, pengo 71, utoro asilimia 31.

Kisha nikafanya hesabu iliyonishtua. Pengo la halmashauri nzima lilikuwa watoto 206. Zahanati moja ilibeba 71 kati yao, zaidi ya theluthi. Na kwa kuwa jumla ya walioanza ilikuwa 2,310, utoro wa halmashauri ulisomeka asilimia 9, chini ya kikomo, kama robo iliyopita. Mstari wa jumla, ambao kila mwenyekiti huuangalia kwanza, ndio uliokuwa unauficha mstari wa tisa.

Hatua hii ilinichukua asubuhi nzima, na naiona ndiyo kazi yenyewe. Rangi ilichukua dakika ishirini.

Neno moja kuhusu kupanga, kwa sababu niliwahi kuona jedwali likiharibika hivi. Ukichagua safu moja tu na kubofya kupanga, Excel hukuuliza: `Expand the selection` au `Continue with the current selection`. Ukichagua la pili, namba za safu ile zinahama na majina ya vituo yanabaki palepale. Hakuna alama yoyote ya kosa. Jedwali linaonekana safi kabisa, ila kila kituo kina namba za jirani yake. Mimi huchukua mistari miwili baada ya kupanga, wa juu na mmoja wa katikati, nikailinganisha na ripoti ya DHIS2, mfumo wa takwimu unaopokea ripoti za vituo, kabla ya kwenda mbele. Mstari wa jumla nao huuacha nje ya eneo ninalopanga, la sivyo unapanda juu na kujifanya kituo.

Sasa nikaingia kwenye kukata. Safu 15 zikawa nne pamoja na jina la kituo: Penta 1, Penta 3, pengo, asilimia. Penta 2 niliitoa ingawa iliniuma, kwa sababu inaonyesha watoto wanapotelea hatua gani. Lakini hilo ni swali la pili, la kujibu mtu akiuliza, na nilikuwa nalo kwenye karatasi.

Mistari ilinipa shida zaidi. Wazo la kwanza lilikuwa kuacha Zahanati ya 9 peke yake kwenye slaidi. Lakini 31 ikisimama peke yake haisemi kitu. Mtu anataka kuona jirani ana 8 ndipo ajue 31 ni nyingi. Wazo la pili lilikuwa kuacha vituo vyote 14. Nikapima. Slaidi pana ya PowerPoint ina kimo cha sentimita 19.05. Mstari wa jedwali wenye herufi saizi 18 unakula takriban sentimita 1.03, nafasi ya juu na chini ikiwemo. Vituo 14 na kichwa cha jedwali ni mistari 15, sawa na sentimita 15 na nusu hivi. Ukiongeza kichwa cha slaidi hakuna hata pa kupumua, na saizi 18 kwa ukumbi wetu bado ni ndogo.

Nikaacha vituo vitano vyenye mapengo makubwa, vilivyobaki tisa nikavijumlisha katika mstari mmoja, na jumla chini. Mistari 7 na kichwa. Hapo herufi zinapanda hadi saizi 24 na jedwali linakaa ndani ya sentimita 10 na kidogo. Mstari wa vituo tisa usiuache hata kama unaona ni wa kujaza tu. Kikaoni kuna mtu ambaye hujumlisha namba za slaidi kwenye simu yake, kwetu ni mhasibu, na jumla isipofika atauliza, na dakika tano za mjadala zitakwenda huko.

| Kituo | Penta 1 | Penta 3 | Pengo | Utoro |
|---|---:|---:|---:|---:|
| Zahanati ya 9 | 226 | 155 | 71 | 31% |
| Kituo cha afya cha 1 | 640 | 589 | 51 | 8% |
| Zahanati ya 6 | 301 | 276 | 25 | 8% |
| Zahanati ya 2 | 258 | 239 | 19 | 7% |
| Zahanati ya 11 | 197 | 182 | 15 | 8% |
| Vituo vingine 9 | 688 | 663 | 25 | 4% |
| Jumla | 2,310 | 2,104 | 206 | 9% |

Asilimia nilizikadiria hadi namba nzima ya karibu nikiwa bado kwenye Excel. Nilikuwa na 31.4 na 8.3 na 7.6. Nukta hizo hazibadili uamuzi wa mtu yeyote, ila kila moja inaongeza herufi mbili za kusoma.

Kuhamisha kutoka Excel kwenda PowerPoint kuna jambo zito ambalo nalisema kwa msisitizo. Ukibandika, PowerPoint inakupa vitufe kadhaa. `Use Destination Styles` inakuletea jedwali la kawaida ambalo unaweza kupaka rangi mstari kwa mstari, na hicho ndicho ninachotumia. `Picture` inaleta picha, huwezi kurekebisha kitu. `Embed` inaonekana nzuri kwa sababu jedwali linakuja na sura yake ya Excel. Lakini linakuja na faili lote. Atakayepokea slaidi zako akibofya jedwali mara mbili anafungua kitabu kizima cha Excel, karatasi zote, hata zile ambazo hukuzionyesha. Kitabu changu kilikuwa na karatasi ya ufuatiliaji yenye majina ya watoto, majina ya mama zao na namba za simu. Slaidi za kikao chetu hutumwa kwenye kundi la simu lenye watu zaidi ya sitini. Tangu nilipotambua hilo, `Embed` siigusi, na nikipokea slaidi za mwenzangu huwa nabofya jedwali mara mbili kwanza kabla sijazisambaza.

Jedwali lilipotua kwenye slaidi lilikuwa na mapambo ambayo PowerPoint huyaweka bila kuulizwa: kichwa chenye rangi nzito ya buluu na mistari inayopishana rangi, mmoja wa buluu hafifu mmoja wa buluu hafifu zaidi. Hayo ndiyo yanayoshindana na mstari unaotaka uonekane. Jicho linakwenda penye rangi nzito kuliko zote, na pale rangi nzito ilikuwa juu ya maneno "Penta 1" na "Penta 3", ambayo hayana habari yoyote. Nikaondoa alama kwenye `Banded Rows`, nikakifanya kichwa kiwe cheupe chenye mstari mwembamba chini yake, nikafuta mistari yote ya wima. Namba nikazisogeza kulia, ili makumi yakae chini ya makumi na mtu aweze kulinganisha 71 na 51 bila kutafuta.

Mistari mingine yote nikaipa kijivu. Hapa nilikosea mara ya kwanza. Nilichukua kijivu chepesi, kwa namba za rangi za RGB ni 166, 166, 166, kikapendeza sana kwenye kompyuta. Jioni nikaenda ukumbini kujaribu. Ukumbi wetu unatazama magharibi na mapazia yake ni mepesi, na projekta nayo imezeeka. Mistari sita ikapotea ukutani kabisa. Mtu angedhani slaidi ina mstari mmoja. Nikakiongezea uzito hadi 89, 89, 89, ambacho kinasomeka hata mwanga ukiwa mwingi na bado kinajua kukaa nyuma.

Mstari wa Zahanati ya 9 nikaupa herufi nyeusi zilizokolezwa na njano hafifu nyuma yake, 255, 242, 204. Sikutumia nyekundu. Kwanza, kwenye vikao vyetu nyekundu ni hukumu. Mganga mfawidhi akiona kituo chake chekundu anaanza kujitetea kabla hajasikia swali. Pili, wapo watu, hasa wanaume, ambao hawatofautishi nyekundu na kijani vizuri. Sababu ya kukoleza herufi pamoja na kuweka rangi ni mashine ya kurudufu: nakala za kikaoni kwetu ni nyeusi na nyeupe, njano inapotea kabisa kwenye karatasi, lakini herufi nene inabaki.

Mshale sikuweka, wala duara. Nimeona slaidi nyingi zenye duara jekundu juu ya jedwali lenye namba mia mbili. Macho ya watu yanafika kwenye duara, ndiyo, lakini hawajui namba iliyo ndani ilinganishwe na ipi.

Kujipima kwangu ni kufungua `View` kisha `Slide Sorter`, ambako slaidi zote zinakuwa ndogo kama stempu. Namba hazisomeki hapo. Kama bado naona ni mstari upi unaoniita, basi kazi imefanyika. Kama naona kichwa kwanza, au nembo ya halmashauri, narudi.

Kilichobaki kikawa maneno ya juu. Slaidi ya robo iliyopita iliitwa "Hali ya chanjo, Januari–Machi". Hiyo ni lebo ya faili. Nikaandika: "Watoto 71 wa Zahanati ya 9 hawakumaliza Penta." Ilinisisimua, nikailalia. Asubuhi nikaiona si kweli. Sabini na moja ni tofauti ya hesabu mbili za robo moja, si orodha ya watoto 71 ninaoweza kuwataja. Wengine waliopata dozi ya kwanza mwezi Juni wangefika dozi ya tatu Agosti kwa ratiba yao ya kawaida. Wengine huenda walimalizia kituo kingine. Nikaandika upya: "Zahanati ya 9: watoto 226 walipata Penta 1, watoto 155 walipata Penta 3". Ni baridi kuliko ya kwanza, lakini mtu yeyote akifungua daftari ataikuta humo.

Chini nikaweka mstari mmoja mdogo: robo iliyopita utoro wa kituo hiki ulikuwa asilimia 12. Namba hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba hali si ya siku zote, ni kitu kilichotokea.

Siku moja kabla ya kikao nilimpigia simu mganga mfawidhi wa Zahanati ya 9. Naona hili ni sehemu ya kutengeneza slaidi kama ilivyo kupaka rangi. Unapokitenga kituo kimoja mbele ya Mganga Mkuu, diwani na wenzake wote, humtendei haki mwenye kituo kama anaona kwa mara ya kwanza ukutani. Ni mama aliyenizidi umri sana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, habari za huko?"

Nikamweleza nitakachoonyesha, nikamsomea namba. Akanyamaza kidogo, nikasikia anafungua daftari.

"Namba ni za kweli," akasema. "Lakini umeangalia ni wa kijiji gani?"

Sikuwa nimeangalia, na DHIS2 isingeniambia, maana inapokea jumla ya kituo. Akanieleza kwamba karibu nusu ya watoto wake wanatoka vijiji viwili ng'ambo ya mto, ambako huwafuata kwa huduma ya mkoba mara moja kwa mwezi. Mwezi Machi mvua zilianza kujaza mto, Aprili kivuko cha miti kikaenda na maji. Mkoba wa Aprili na wa Mei haukufika. Walioanza Penta robo ile walikuwa wa upande wa huku, na wa ng'ambo waliobebwa mgongoni na mama zao kupitia barabara ya kuzunguka. Mara moja mama anaweza. Mara tatu ndani ya wiki nane, na mtoto mchanga, hawezi.

Nikamwomba ayaseme hayo kikaoni yeye mwenyewe. Nilitamani kuandika sababu kwenye slaidi, nikajizuia, kwa sababu mimi nilikuwa na namba na yeye ndiye aliyekuwa na mto.

Slaidi ilikaa ukutani kama dakika moja bila mimi kusema kitu. Mwenyekiti akasoma kichwa, akatazama mstari, akauliza: "Zahanati ya 9 kuna nini?" Mama akasimama na daftari lake. Alipomaliza, swali lililofuata liliulizwa na diwani, na halikuwa la takwimu. Alitaka kujua barabara ya kuzunguka ni kilomita ngapi na pikipiki ya kituo inatumia lita ngapi kwenda na kurudi. Mama alikuwa na jibu: kilomita 34 kwenda, na pikipiki ilikuwepo, mafuta ndiyo hayakuwa kwenye mpango kwa sababu mpango ulihesabu njia ya kivukoni.

Waliandika kwenye muhtasari mafuta ya safari mbili za mkoba kila mwezi hadi kivuko kirudishwe, na orodha ya watoto wa ng'ambo itolewe kwenye daftari kijiji kwa kijiji. Safari ya kwanza ilipangwa Jumanne iliyofuata. Jumatatu jioni mama alinitumia picha ya sanduku la baridi likiwa limefungwa nyuma ya pikipiki.